Moyo wa Kima Katika Picha

Bibi yangu alikuwa akizima kandili kwanza, ndipo aanze hadithi. Alifanya hivyo ili kuokoa mafuta, wala hakuwa na sababu nyingine. Walakini kwa desturi hiyo ikawa kwamba katika utoto wangu wote sikupata kumwona Kima wala Papa. Niliwasikia. Kima alikuwa sauti nyembamba upande wa kulia wa kitanda, na Papa alikuwa sauti nzito iliyotoka karibu na sakafu. Hata miaka mingi baadaye, mimi na mpwa wangu tulipoazimia kuifanya hadithi ile kuwa filamu fupi ya katuni, nilidhani kazi yetu ingekuwa nyepesi. Hadithi naijua kwa moyo, naye anajua kuchora, kumebaki nini?

Nitaikumbusha kwa maneno machache. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioota ukingoni mwa bahari, nusu ya matawi yake juu ya nchi kavu na nusu juu ya maji. Papa akaja chini yake kila siku, Kima akamtupia matunda, na urafiki ukaota. Hata siku moja Papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Walipofika katikati ya bahari akamwambia kweli: sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba laiti angaliambiwa mapema, kwani kima huacha mioyo yao mtini wanapotoka safari. Papa akageuka kuufuata moyo; Kima akaruka mtini na asishuke tena.

Hadithi hii ni msafiri mkubwa. Katika Panchatantra ya Bara Hindi anayembeba kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu cha Kiarabu cha karne ya 8, ni kobe. Ilipofika pwani yetu akawa papa. Edward Steere aliichapa kwa Kiswahili mwaka 1870, katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Basi wanyama hawa wamekwisha kubadilishwa miili mara nyingi, na sisi hatukuwa wa kwanza kujiuliza Papa afananeje.

Tulichagua njia ya karatasi zilizokatwa. Mwili wa mnyama hukatwa vipande vipande katika karatasi ngumu: kichwa, kiwiliwili, mkono, mguu na mkia, vipande vikaungwa kwa uzi penye viungo ili vigeuke. Mnyama hulazwa juu ya meza, simu ikafungwa juu yake ikitazama chini, na kila anaposogezwa kidogo hupigwa picha moja. Njia hii ni ya zamani. Mwanamke mmoja wa Ujerumani, Lotte Reiniger, aliitumia kutengeneza filamu ndefu ya vivuli iliyoonyeshwa mwaka 1926, baada ya kazi ya miaka mitatu hivi. Sisi tulitaka dakika tatu tu. Kwa hesabu ya picha 12 kwa sekunde moja, dakika tatu ni picha 2,160. Nasi tuliweza kupiga picha 120 kwa jioni moja, yaani sekunde 10 za filamu. Fanya hesabu, msomaji, utapata jioni 18, ikiwa hakuna lililoharibika. Nasi tuliharibu mengi.

Kwanza walikuja wahusika. Mpwa wangu alimchora Kima akining'inia kwa mkia, kama alivyoona katika filamu za kigeni. Nikamwambia atoke nje akatazame. Kima wa pwani yetu hajiningʼinizi kwa mkia. Wanaoweza jambo hilo wanakaa Amerika ya Kati na Kusini. Wa kwetu ana mkia mrefu kupita kiwiliwili, nao ni wa kumsawazisha arukapo, wala haushiki tawi. Ana koo jeupe kama aliyefunga kitambaa, na manyoya ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Tukaandika karatasi yake hivi:

Kima. Urefu bila mkia, sentimita 9. Mkia sentimita 12, uwe wa vipande sita ili upinde vizuri. Koo na kifua vyeupe kabisa, kwa kuwa ndipo mkono wake utakapokuwa ukienda kila moyo utajwapo. Macho makubwa, na mboni ziwe vipande vya peke yake vinavyoweza kusogezwa kwa ncha ya sindano. Akiketi, magoti yawe juu kuliko tumbo. Asivae nguo.

Papa alitusumbua zaidi. Mchoro wa kwanza ulikuwa na meno kama msumeno, na nyusi zilizokunjwa. Ulikuwa mchoro mzuri, nami niliusifu. Kisha usiku nikaona kwamba umeua hadithi. Mtoto akimwona Papa wa namna hiyo sekunde ya kwanza, atajua ni adui, na Kima atakuwa mpumbavu kwa kumpanda mgongoni. Lakini Papa wa bibi yangu hakuwa mwovu. Alikula matunda ya rafiki yake kwa shukrani, na siri aliitoa mwenyewe, bila ya kulazimishwa, kwa kuwa alimwonea Kima huruma. Tukaanza upya:

Papa. Urefu sentimita 30, ili Kima aweze kuketi nyuma ya kichwa chake na ibaki nafasi. Pua butu. Mdomo uwe chini ya kichwa, kama ulivyo mdomo wa papa wa kweli. Iwe midomo mitatu ya kubadilisha: uliofumba, uliofunguka nusu, na ulio wazi. Meno yasionekane. Mifereji mitano ya kupumulia kila ubavu. Jicho dogo, la duara, lililo ubavuni mwa kichwa, lisilopepesa. Rangi ya kijivu cha chuma.

Papa alipokamilika tukampaka mweusi mtupu kwenye karatasi nyingine, na Kima vilevile, tukawaonyesha watoto wa jirani ile mizimu miwili, tukiuliza ni nani. Ndiyo njia ya kujua kama umbo linasema lenyewe. Kima alitambuliwa na wote kwa mkia. Papa aliitwa nyangumi na wawili, mpaka tulipolichonga pezi la mgongoni likawa na ncha kali zaidi.

Kisha nikaketi kuandika maelekezo ya picha kwa kila onyesho, na hapo ndipo ujuzi wangu wa maneno ulipoanza kunidharaulisha. Nimefundisha insha miaka mingi. Katika onyesho la tatu niliandika sentensi niliyoipenda: kwamba Kima alijawa na hofu kuu, akafikiri kwa haraka, akapata hila. Mpwa wangu akaisoma, akaisoma tena, akauliza, "Mjomba, hofu niichore wapi?"

Sikuwa na jibu. Sentensi yangu ilikuwa na vitenzi vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwa macho. Bibi yangu aliweza kusema "akaogopa" na sote tukaogopa. Mchoraji anahitaji kuambiwa ni kiungo gani kitakachosogea, kwenda upande gani, na kwa muda gani. Nikayachana yale maelekezo, nikayaandika upya kwa sharti moja: nisiandike neno lolote ambalo mpwa wangu hawezi kulilaza juu ya meza. Mawili ya kwanza hayakunichosha.

Onyesho la kwanza, sekunde 40. Asubuhi. Tunatazama kutoka mbali, kwa usawa wa maji. Mkuyu upande wa kushoto, mashina yake manene, matunda mekundu yakiwa yamejazana katika vishada juu ya matawi na hata kwenye shina. Nusu ya kulia ya picha ni bahari. Kima yu juu ya tawi linaloingia baharini. Pezi la Papa linatokea kulia, linakuja polepole, linasimama chini ya tawi. Tunda linaanguka. Papa anafungua mdomo. Jua linapanda na kushuka mara tatu ili siku zipite, na kila siku Kima anakaa kwenye tawi la chini zaidi.

Onyesho la pili, sekunde 30. Tunatazama kutoka juu ya tawi, kama macho ya Kima. Papa ametoa kichwa majini. Mkono wa Kima unaingia katika picha, unagusa pua ya Papa, unarudi, unagusa tena. Kima anashuka mgongoni. Ncha ya mkia wake imo majini. Wanaondoka, mti unakuwa mdogo.

Onyesho la kwanza lilitutesa kwa jambo ambalo halikuwa la hadithi. Tulipolitazama, bahari yote ilikuwa ikimetameta kama taa mbovu, picha moja nyeupe, ya pili nyeusi. Nilidhani ni simu. Kumbe tulikuwa tumepiga karibu na dirisha, na kila wingu lilipopita mwanga ulipungua. Tena simu yenyewe ilikuwa ikijirekebisha nuru kila mara. Tukafunga dirisha kwa kitambaa cheusi, tukaweka balbu mbili, moja kila upande wa meza, zikimulika kwa kuinama ili kioo kisirudishe nuru kwenye kamera, na tukaizuia simu isijipimie mwanga wala umbali. Picha 480 zikatupwa. Mpwa wangu hakusema nami siku mbili.

Sasa nifike katikati ya bahari, palipo na hadithi yenyewe.

Filamu ya kwanza ilipokwisha tuliwaita watoto tisa wa mtaani, wakaketi mkekani, na bibi yangu tukamweka kitini nyuma yao. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho; huona mwanga na vivuli tu. Nilimwalika kwa heshima, si kwa kutaka hukumu yake, kwani nilijiuliza, mtu asiyeona atahukumu nini katika picha? Papa alipotoa siri yake, Kima akajibu, na papo hapo bibi akagonga sakafu kwa mkongojo.

"Huyo kima wenu hana akili," akasema. "Amejibu kabla hajaogopa."

Tulirudi mezani, tukahesabu. Kati ya neno la mwisho la Papa na neno la kwanza la Kima tulikuwa tumeweka picha sita, yaani nusu ya sekunde. Nikakumbuka gizani kule: hapo ndipo bibi aliponyamaza, nasi tukasikia bahari. Nikataka kumrudishia kimya chake. Tukaweka sekunde nne. Watoto walipoonyeshwa wakageuka kututazama, wakidhani mashine imekwama. Gizani mtu akinyamaza, unasikia pumzi yake na unajua yupo. Lakini picha isiyosogea haina pumzi, nayo hufa upesi sana. Ikabidi kimya kifanyiwe kazi nyingi kuliko maneno. Maelekezo ya mwisho yalikuwa haya:

Onyesho la tatu, sekunde 45. Adhuhuri. Bahari tupu pande zote. Nchi kavu ni mstari mwembamba wenye minazi midogo kama vijiti vya kiberiti. Papa anasema siri yake akitazama mbele. Kisha tunausogelea uso wa Kima mpaka ujaze nusu ya picha. Pezi la Papa lionekane nyuma yake. Kimya cha picha 30. Picha sita: hakuna kinachosogea ila maji. Sita: mboni za Kima zinageuka kutazama ile minazi. Sita: mboni zimetulia, lakini mkia unatolewa majini, na tone moja linadondoka. Sita: mboni zinarudi kutazama pezi. Sita: mdomo unapanda pembeni, mkono unapanda kifuani. Ndipo aseme.

Kwa uso huo mkubwa ilitubidi tukate kichwa kingine cha Kima cha sentimita 20, kwa maana mboni za kile kidogo zilikuwa ndogo mno kuonekana. Na tulipokuwa tukikipiga picha niligundua kitu ambacho bibi hakuweza kutupa gizani. Macho ya Papa yako ubavuni, na Kima ameketi nyuma ya kichwa chake. Papa hamwoni! Anaisikia sauti tu, kama nilivyoisikia mimi kitandani. Basi uso wa Kima unaweza kusema hofu yote, wakati sauti yake inasema neno jepesi la mtu aliyesahau mfuko nyumbani. Mtazamaji anaona kimoja na kusikia kingine, na uwongo wa Kima, ambao hauchoreki, ukapata mahali pa kukaa katikati ya viwili hivyo. Tulirekodi sauti ya Kima upya mara tano mpaka ikawa haina hofu hata kidogo.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Kima anaposema kwamba moyo wake ameuacha mtini, niliona ni vyema mtazamaji aonyeshwe anachokisema. Tukakata moyo mwekundu, tukautundika kwenye tawi la mkuyu, tukaonyesha mti ule kwa sekunde tatu. Ulipendeza. Filamu ilipokwisha, mtoto mmoja wa kike akauliza, "Mbona hakumpa? Si aliahidi?" Mwingine akamuunga mkono: moyo ulikuwapo, tuliuona, na Kima amemdhulumu rafiki yake.

Nilijaribu kueleza, nikaona aibu kueleza. Watoto walikuwa na haki. Neno huweza kuwa la uwongo, na msikilizaji akajua ni la uwongo kwa kumjua msemaji. Lakini picha ikionyesha mti wenye moyo, basi mti una moyo. Kwa mkasi wangu nilikuwa nimemgeuza Kima, kutoka mtu aliyejiokoa kwa akili, akawa mtu aliyevunja ahadi. Tena nilikuwa nimemwondolea Papa upumbavu wake, maana sasa aliamini jambo la kweli.

Mpwa wangu alisema tuuondoe moyo tu. Tukauondoa, na mahali pale pakapoa. Watoto walisikia maneno wakapita. Tulikaa na shida hiyo wiki nzima. Kilichotuokoa ni swali dogo: ni nani anayeuona ule moyo? Si Kima, kwa sababu anajua haupo. Si sisi. Ni Papa peke yake. Basi mti ule haukupasa kuwa mti wetu. Ulipasa kuwa mti wa Papa, ambaye hajapata kupanda mti maisha yake yote.

Onyesho la nne, sekunde 35. Jicho la Papa, duara, linajaza picha. Ndani ya mboni unatokea mti, uliochorwa kwa mstari wa buluu usionyooka, kama mtoto anavyochora kwa chaki. Matawi yake yanayumba kama mwani baharini. Badala ya matunda ya mkuyu pana mioyo, mingi, katika vishada vilevile, juu ya matawi na kwenye shina; na samaki wadogo wanapita kati yake. Mti unatoweka. Papa anageuka. Sasa minazi iko mbele yetu, na kila tukitazama imekuwa mikubwa zaidi.

Watoto walicheka walipowaona wale samaki mtini. Hatukuwauliza swali lolote baada ya hapo.

Onyesho la tano lilitoka kwa mara moja, na ndilo pekee. Sekunde 30. Jua linatua. Tunatazama kama mwanzo, kutoka mbali, mti kushoto na bahari kulia. Kima anaruka, anapanda, anapita lile tawi la chini alilolizoea, anapita la pili, anaketi juu kabisa. Matunda ya mkuyu ni matunda tu. Tunda moja linaanguka majini. Papa hafungui mdomo. Linaelea mbele ya pua yake, naye analitazama kwa lile jicho lisilopepesa, kisha pezi linaondoka kulia polepole kama lilivyokuja. Juu ya tawi, mkono wa Kima uko kifuani, juu ya manyoya meupe, na kifua kinapanda na kushuka.

Kifua hicho kilihitaji vipande vitatu vya karatasi nyeupe, kila kimoja kikiwa kipana kuliko mwenziwe kwa milimita moja, vikibadilishwa kwa zamu. Kazi ya milimita moja, lakini nadhani ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote.

Tulimwonyesha bibi filamu iliyokamilika usiku mmoja, yeye na sisi wawili tu. Alipofika kwenye kimya cha Kima aliinua kidole, akakiweka hewani hivyo muda wote, akakishusha sawasawa na neno la kwanza. Hakusema lolote mpaka mwisho. Mpwa wangu akamwuliza, "Bibi, sasa ameogopa?"

"Ameogopa," akajibu. Kisha akageuza uso kunielekea. "Na punda yuko wapi?"

Nilijua angeuliza. Katika hadithi yenyewe, Papa anapomwita Kima ashuke, Kima anamsimulia kisa cha punda wa dobi: jinsi sungura alivyomdanganya mara mbili aende kwa simba, mara ya kwanza akaponyoka, mara ya pili akauawa; na sungura akala moyo na masikio, kisha akamwambia simba kwamba punda huyo hakuwa navyo, kwani angalikuwa navyo asingalirudi. Nilimweleza bibi kwamba punda, simba, sungura na dobi ni wahusika wanne zaidi, na kwamba filamu ingekuwa ya dakika saba, na picha zaidi ya 5,000.

"Hadithi ni ya punda," akasema. "Huyo kima ni mlango tu."

Mpwa wangu alikwisha kuchukua penseli. Alikuwa akichora masikio, marefu mno, akayafuta, akayachora tena, na akaniuliza bila ya kuinua kichwa kama sungura ayale mbele ya kamera au nyuma ya kichaka.